Pesa Nyingi Zikiingia Ghafla: Jinsi Stetimenti Yako Inavyosomwa Ukiomba Mkopo au Viza

Unataka mkopo wa kuongeza stoki dukani, ama mtoto amepata nafasi ya kusoma ng'ambo, na umeambiwa ulete stetimenti ya miezi sita. Unaangalia simu na salio ni elfu sita. Wazo la kwanza linalowajia wengi ni kumpigia mtu simu: "Niwekee laki mbili kwa siku chache tu, nikishachapisha stetimenti nitakurudishia."

Tunalisikia wazo hilo mara nyingi kutoka kwa wateja wetu wa Kisii na Nyamira, na leo tunataka kueleza kwa nini halisaidii, tena kwa nini mara nyingi linamharibia mtu ombi ambalo lingepita. Tutapiga hesabu yenyewe jinsi inavyopigwa na anayesoma stetimenti. Halafu tutaangalia pesa kubwa za halali ambazo watu wa huku hupata mara moja moja, kama bonasi ya chai au harambee, na jinsi ya kuzionyesha zisionekane za kukopa.

Salio la leo na wastani wa salio ni vitu viwili

Salio la leo ni pesa zilizopo sasa hivi. Wastani wa salio unaonyesha kiasi ambacho kwa kawaida hukaa kwenye akaunti yako siku zikipita. Ili kuupata, anayehesabu huchukua salio la mwisho la kila siku, hujumlisha salio za siku zote, kisha hugawanya kwa idadi ya siku. Kwa miezi sita ni kama siku 180.

Unaweza kujihesabia mwenyewe. Stetimenti ya M-Pesa ina safu kadhaa, na tatu ndizo za kuangalia: `Paid In` ni pesa zilizoingia, `Withdrawn` ni zilizotoka, na `Balance` ni salio baada ya kila muamala. Orodha huanza na muamala wa karibuni zaidi na kurudi nyuma. Kwa hiyo salio la mwisho la siku fulani ni lile lililo kwenye mstari wa juu kabisa wa tarehe hiyo. Siku ambayo hukufanya muamala wowote pia inahesabiwa, nayo hubeba salio la siku iliyotangulia.

Kumbuka kwamba kinachohesabiwa ni salio la mwisho wa siku. Mfanyabiashara anaweza kupokea elfu ishirini kutwa nzima, na jioni akaenda kwa ejenti kutoa zote ili asubuhi anunue mali kwa pesa taslimu. Wastani wake utakuwa karibu sufuri hata kama biashara inaenda vizuri. Hilo peke yake si kosa, na tutaona hapo mbele jinsi afisa wa mikopo anavyolitazama. Lakini ni vizuri ujue mapema kwamba wastani wako mdogo unaweza kutokana na mazoea ya kutoa pesa zote, hata kama hukosi pesa.

Tupige hesabu: mama wa duka Keroka

Chukua mfano wa mama mmoja mwenye duka la mitumba Keroka, na shamba dogo la chai linalopeleka majani kiwandani Nyansiongo. Ni mfano wa kuhesabia tu, si mteja fulani. Anataka kuomba mkopo wa Sh150,000. Stetimenti yake inaanza tarehe 1 Julai hadi 27 Desemba, ambazo ni siku 180 kamili. Tuseme kwa kawaida salio lake la jioni ni kama Sh6,000.

Tarehe 23 Desemba shemeji yake anamtumia Sh200,000 ili stetimenti ipendeze. Basi kwa siku 175 salio ni 6,000, na kwa siku tano za mwisho ni 206,000. Hesabu inakuwa hivi:

```
175 x 6,000   = 1,050,000
  5 x 206,000 = 1,030,000
Jumla         = 2,080,000
2,080,000 / 180 = 11,556
```

Salio la mwisho linasema 206,000, lakini wastani unasema 11,556. Anayesoma anaweka namba hizo mbili pamoja, na mara moja anaona kwamba salio la mwisho ni karibu mara 18 ya wastani. Hahitaji mashine wala ujuzi mkubwa kugundua kwamba kuna kitu kimeingizwa juzi. Anarudi nyuma kutafuta mstari ulioleta tofauti hiyo, naye anaupata: tarehe 23 Desemba, laki mbili, kutoka kwa mtu mmoja ambaye hajawahi kutuma kitu tena katika miezi sita yote.

Sasa fikiria mama huyohuyo bila pesa za shemeji. Tarehe 19 Oktoba alipata bonasi ya chai ya Sh60,000. Akalipa karo elfu ishirini, zile elfu arobaini akaziacha kwenye akaunti hadi mwisho wa Desemba. Kwa siku 110 salio lilikuwa 6,000, na kwa siku 70 lilikuwa 46,000:

```
110 x 6,000  =   660,000
 70 x 46,000 = 3,220,000
Jumla        = 3,880,000
3,880,000 / 180 = 21,556
```

Elfu arobaini zilizokaa siku 70 zimeinua wastani kuliko laki mbili zilizokaa siku tano, karibu mara mbili. Hapo ndipo siri yote ya wastani ilipo. Siku ambazo pesa zimekaa zina uzito sawa na kiasi chenyewe, na siku haziwezi kukopwa kwa shemeji.

Afisa wa mikopo huondoa nini kabla ya kuhesabu

Watu wengi hudhani afisa wa benki au wa chama cha akiba na mikopo anatafuta salio kubwa. Kusema kweli, swali lake ni lingine: kila mwezi, ukishanunua mali na kulisha nyumba, unabaki na kiasi gani cha kulipa deni? Wastani wa salio humsaidia kujua kama una kitu cha kushikilia mwezi ukiwa mbaya. Lakini jibu kubwa analitoa kwenye pesa zinazoingia, na kabla hajazijumlisha huondoa zile ambazo si mapato.

Kwanza huondoa pesa zako mwenyewe zinazozunguka. Ukitoa elfu kumi benki ukazileta kwa simu, safu ya `Paid In` itaonyesha elfu kumi, lakini hujapata chochote kipya. Pili huondoa mikopo. Fuliza, M-Shwari, KCB M-Pesa, Hustler Fund na mikopo mingine ya simu huingia kama pesa nyingine yoyote, ila jina la mtumaji linajulikana. Mistari yenye maneno `OverDraft` au `OD Loan Repayment` humwambia kwamba siku hiyo ulikuwa umevuka salio lako ukatumia Fuliza. Mara moja kwa mwezi haimsumbui mtu. Ikionekana karibu kila siku, anaelewa kwamba pesa yoyote ikiingia inakatwa kwanza kulipa deni la jana. Tatu huondoa pesa zinazoenda na kurudi: mtu amekutumia elfu thelathini asubuhi, jioni umemrudishia elfu thelathini. Zikijumlishwa zinafanya mapato yaonekane makubwa, lakini duka halijauza hata shati moja.

Turudi kwa mama wa Keroka. Tuseme kwa mwezi wa kawaida `Paid In` yake inajumlika Sh95,000. Ndani yake kuna 30,000 alizotoa benki akaleta kwa simu, na 15,000 za mikopo ya simu. Afisa akiziondoa anabaki na mauzo ya 50,000. Mali ya duka ni 32,000 na matumizi ya nyumbani ni 8,000. Kinachobaki ni 10,000 kwa mwezi.

Mkopo wa 150,000 kwa miezi 12 unahitaji 12,500 kila mwezi hata kabla ya riba. Hauwezekani kwa mtu anayebaki na 10,000. Na zile laki mbili za shemeji hazibadilishi chochote katika hesabu hii, kwa sababu si mauzo. Kitu pekee ambacho zimeleta ni maswali. Mazungumzo huwa namna hii:

"Mama, hizi laki mbili za tarehe 23 ni za nini?"

"Ni shemeji yangu alinisaidia."

"Alikusaidia ama alikukopesha?"

Akisema ni mkopo, basi ana deni la 200,000 ambalo hakulitaja kwenye fomu. Akisema ni msaada, ataulizwa kwa nini anataka kukopa 150,000 huku ana 206,000 mkononi. Hakuna jibu zuri kati ya hayo mawili. Ubaya zaidi ni kwamba afisa sasa ataanza kutilia shaka hata ile mistari ya kweli ya mauzo.

Na yule anayetoa pesa zote jioni kwenda sokoni? Afisa anayejua biashara za masoko anaelewa kwamba mali ya sokoni huzunguka haraka. Atakachotaka ni kuona pesa zikiingia kutoka kwa wateja wengi tofauti, karibu kila siku ya soko, miezi yote sita. Anaweza pia kuomba risiti za kununua mali au kitabu cha mauzo, ili aone zile pesa taslimu zilikwenda wapi. Wastani mdogo wenye maelezo hupita kuliko wastani mkubwa usio na maelezo.

Bonasi ya chai: pesa kubwa ya ghafla ambayo si ya kushukiwa

Mtu akisikia haya anaweza kuogopa hata pesa zake halali. Hakuna haja. Wakulima wa chai wa Kisii na Nyamira wanaopeleka majani kwa viwanda vya KTDA, kama Kebirigo, Nyansiongo, Sanganyi, Nyamache au Ogembo, hupata malipo ya kila mwezi kwa kilo walizopeleka. Mwaka wa hesabu wa viwanda hivyo hufungwa tarehe 30 Juni, kisha malipo ya pili, yale tunayoita bonasi, kwa kawaida huja kwenye mwezi wa Oktoba. Kwenye stetimenti, bonasi inaonekana kama mlima katikati ya tambarare: miezi ya elfu tatu tatu, halafu ghafla elfu sitini.

Kinachoitofautisha na pesa za kukopa ni alama tatu ambazo msomaji wa stetimenti anaweza kuziona mwenyewe. Mtumaji si mtu binafsi, ni malipo ya chai, na mtumaji huyo huonekana pia kila mwezi kwa kiasi kidogo. Wakati wake unaeleweka, kwa sababu mwaka jana pia iliingia karibu na mwezi huohuo. Na kiasi chake kinalingana na karatasi ya malipo yenye namba yako ya mkulima na kilo ulizopeleka.

Ndiyo maana ukiomba mkopo baada ya bonasi, usilete stetimenti ya miezi sita peke yake. Leta ya zaidi ya miezi 12, inayorudi nyuma hadi kabla ya bonasi ya mwaka jana, ili Oktoba mbili zionekane, pamoja na karatasi za malipo za kiwanda. Afisa akiona bonasi mbili anaweza kuihesabu kama mapato ya mwaka: elfu sitini zikigawanywa kwa miezi 12 ni 5,000 kwa mwezi. Mama wetu wa Keroka sasa anabaki na 15,000 badala ya 10,000. Mkopo wa 150,000 ukitandazwa kwa miezi 18 ni kama 8,333 kwa mwezi kabla ya riba, na huo unaanza kuwezekana. Hajahitaji shilingi ya mtu mwingine. Amehitaji karatasi zake mwenyewe.

Onyo moja hapa. Kama bonasi ililipwa benki au kwa chama cha akiba na mikopo, halafu ukaituma kwa simu yote kwa mpigo, stetimenti ya simu itaonyesha tu elfu sitini kutoka benki. Asili yake imebaki kule nyuma. Leta stetimenti zote mbili, ile ambayo pesa zilifikia kwanza na ile zilikohamia, ili tarehe na kiasi vifuatane.

Upande wa viza: pesa zimekaa siku ngapi, na ni za nani

Afisa wa viza hajali faida ya duka lako kila mwezi. Anauliza kama pesa hizi zipo kweli, kama ni zako, na kama zitakuwapo utakapofika kule. Nchi tofauti zimeliandika swali hilo kwa namna tofauti.

Kanada imeliandika waziwazi kwa wale wanaohamia kupitia mpango wa Express Entry na wanaotakiwa kuonyesha pesa za kuanzia maisha. Barua ya benki lazima itaje namba za akaunti, tarehe kila moja ilipofunguliwa, salio la sasa, na wastani wa salio kwa miezi 6 iliyopita. Pia itaje madeni yako. Sheria inasema wazi kwamba pesa hizo haziwezi kuwa za kukopa kwa mtu mwingine. Ukiifikiria ile hesabu ya siku 180 utaelewa kwa nini wameomba salio na wastani kwenye barua moja: tofauti kati ya namba hizo mbili inajieleza yenyewe. Kwa wanafunzi, mojawapo ya ushahidi unaokubalika ni stetimenti za benki za miezi 4 iliyopita, na hapo pia pesa zilizoingia wiki iliyopita huonekana peupe.

Uingereza, kwa viza ya mwanafunzi, hutumia hesabu ya siku. Pesa zinazotakiwa lazima zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango, na siku ya mwisho ya kipindi hicho isiwe zaidi ya siku 31 kabla ya tarehe ya kutuma ombi. Hapa wastani hausaidii kitu. Kama unatakiwa kuwa na milioni mbili, na siku ya 20 ukatoa elfu kumi kwa dharura salio likashuka hadi 1,990,000, hesabu inavunjika. Hata ukizirudisha kesho yake, unaanza tena siku ya kwanza.

Kuna jambo la pili kwa Uingereza ambalo huwakwaza watu wetu kwa sababu ya jinsi tunavyosaidiana. Kwa viza hiyo, mbali na udhamini rasmi, pesa huwa za mwanafunzi mwenyewe, za mzazi au mlezi wake wa kisheria, au za mwenzi wake anayekubalika. Akaunti ya mjomba haihesabiki, hata kama mjomba ndiye aliyemsomesha tangu darasa la kwanza. Mjomba akitaka kusaidia, pesa zihamie kwa akaunti ya mwanafunzi au mzazi mapema, zikae zile siku 28, na ziwe zimetolewa kabisa, si za kurudishwa. Zikiwa za mzazi, kunahitajika cheti cha kuzaliwa na barua ya mzazi kukubali zitumike.

Na simu je? Akaunti ya M-Pesa haiwezi kushikilia zaidi ya Sh500,000. Pesa za kujikimu kwa miezi tisa ambazo mwanafunzi wa Uingereza hutakiwa kuonyesha, hata nje ya London, ni zaidi ya pauni 10,000, yaani zaidi ya shilingi milioni moja na nusu, bila kuhesabu karo. Haziwezi kukaa kwa simu. Kwa hiyo kwa viza kubwa, stetimenti ya benki ndiyo nguzo, na stetimenti ya simu kazi yake ni kuonyesha pesa zilipita wapi kabla ya kufika benki. Usiidharau kazi hiyo. Mara nyingi ndiyo inayookoa ombi.

Harambee ya kumpeleka mtoto ng'ambo

Hebu tuione hiyo kazi kwa mfano. Kijana wa karibu na Nyamira amepata chuo Kanada. Familia inaunda kamati, inafanya harambee, na zinapatikana Sh700,000. Nyingine zilitumwa kwa simu ya mweka hazina, nyingine zilikuja taslimu siku yenyewe. Jumatatu mweka hazina anaenda benki Kisii mjini na kuweka 700,000 zote kwa akaunti ya kijana, ambayo kwa miezi mitatu ilikuwa na elfu mbili tu.

Pesa hizi ni za halali kabisa, kila shilingi ina mwenyewe. Lakini kwenye stetimenti ya kijana kuna mstari mmoja tu: 700,000, taslimu, siku moja. Afisa aliye mbali hajui harambee ni nini, na hata akijua, hana la kumwonyesha kwamba hii ndiyo hiyo. Anaona kijana asiye na mapato, akaunti iliyokuwa tupu, na pesa zilizoangukia ndani. Kwake ni sawa kabisa na pesa za kukodi.

Sasa tufanye tena kwa njia nyingine. Michango ya simu inaingia kwa laini moja inayotumika kwa kazi hiyo pekee, na kabla haijafika 500,000 inapelekwa benki, ili isigonge kikomo watu wakashindwa kutuma. Za taslimu zinaandikwa kwenye daftari na jina la kila aliyetoa, kisha zinawekwa benki siku ya kwanza ya kazi, na anayeweka anaandika kwenye karatasi ya benki kwamba ni michango ya karo. Pesa hazirudi mfukoni kwa mtu katikati ya safari. Kamati inaandika kumbukumbu za mkutano zenye tarehe na jumla. Mweka hazina anatoa stetimenti ya laini ile. Ombi likitumwa linakuwa na barua fupi inayosema: tarehe fulani familia ilifanya harambee, 430,000 zilikuja kwa simu kama stetimenti hii inavyoonyesha, 270,000 zilikuja taslimu kama orodha hii inavyoonyesha, na jumla ya 700,000 iliwekwa kwa akaunti hii tarehe hizi. Namba zote zinajumlika, na tarehe zote zinafuatana.

Halafu pesa zinaachwa zikae. Kama muda unaruhusu, harambee ifanywe miezi minne au zaidi kabla ya kutuma ombi, si wiki mbili. Karatasi zinaeleza zilikotoka, lakini siku ndizo zinazoonyesha kwamba ni zako.

Utaratibu ni huohuo kwa pesa nyingine kubwa. Umeuza shamba? Mkataba wa mauziano, idhini ya bodi ya ardhi kama ni shamba la kilimo, na pesa zilipwe benki kwa benki badala ya kubebwa kwenye mfuko. Ndugu aliye Minnesota ametuma zawadi? Barua yake ya kusema ni zawadi isiyorudishwa, na risiti ya kutuma. Zamu yako ya chama imefika? Daftari la chama linaloonyesha kwamba wewe pia umekuwa ukichangia. Katika kila moja, karatasi itaje kiasi kilekile na tarehe ileile iliyo kwenye stetimenti. Mkataba wa 900,000 huku benki ziliingia 750,000 utaleta swali jipya, basi eleza hizo 150,000 zilikwenda wapi kabla hujaulizwa.

Wanaokodisha salio

Wapo watu wanaosema watakuwekea milioni kwa siku chache kwa ada, ama "watakurekebishia" stetimenti kwenye kompyuta. Kuhusu salio la kukodi umeshaona hesabu: halidanganyi wastani, wala halifikishi siku 28. Kuhusu stetimenti ya kutengenezwa, jua kwamba balozi na wakopeshaji huweza kuihakiki kwa benki au kampuni ya simu. Kanada humfungia mtu aliyedanganya kwenye ombi kwa miaka 5. Uingereza inaweza kumfungia kwa miaka 10. Kijana aliyekuwa na barua ya kweli ya chuo hupoteza nafasi hiyo na nyingine zote za miaka inayofuata, kwa sababu ya karatasi ambayo hakuihitaji.

Kabla ya kupeleka ombi

Itisha stetimenti yako mwenyewe kwanza. Kwa M-Pesa unaweza kupiga *334# au kutumia programu ya simu, uchague kipindi, nayo itatumwa kwa barua pepe ikiwa imefungwa kwa namba ya siri. Isome kama mtu asiyekujua. Chora mstari chini ya kila muamala ambao ni mkubwa kuliko kawaida yako, kisha ujiulize: nina karatasi gani ya huu? Ukipata mmoja usio na karatasi, itafute sasa. Hesabu wastani wako na uuweke kando ya salio la mwisho. Tofauti ikiwa kubwa, hakikisha sababu yake imo kwenye barua yako.

Na ukigundua kwamba kila kitu kingependeza zaidi kama pesa zingekaa miezi miwili mingine, basi zingoje hiyo miezi miwili kama tarehe ya chuo au ya mkopo inaruhusu. Ombi lililokataliwa hubaki kwenye kumbukumbu, na kwenye fomu ya viza inayofuata utaulizwa kama umewahi kunyimwa. Ombi lililochelewa miezi miwili halina swali hilo.